Gari la Umeme ni Mtungi, Wala si Chemchemi

Kila askari aliyewahi kushika zamu ya usiku katika kituo cha Muyinga au katika kambi ya Gitega anaijua vema saa ile ambayo taa huzimika zote kwa pamoja. Mwenye zamu hutoa tochi, hutazama nje kuona kama mtaa mzima umeingia gizani, kisha humwita mtunza jenereta. Naye mtunza jenereta, kabla hajanyanyuka, huuliza swali moja tu: mazutu yapo?

Swali hilo si la uvivu. Katika miaka hii ya karibuni nchi yetu imejua uhaba wa mafuta, na kila mmoja wetu ameona misururu ya magari kwenye vituo vya kuuzia. Jenereta ya kituo na gari la doria hunywa kutoka pipa moja. Jenereta ndogo, hata ikiwasha taa chache na redio peke yake, humaliza yapata lita moja kwa saa. Saa tano za giza ni lita tano, na lita tano hizo zingeweza kulipeleka gari la doria kilomita arobaini na zaidi. Kwa hiyo tunapowasha taa tunapunguza doria, na tunapofanya doria tunazima taa. Huu ndio mzigo tunaoubeba, nasi twaona yafaa kuueleza kabla ya kuzungumzia dawa yake.

Dawa tunayotaka kuijadili leo ni gari la umeme linaloweza kuurudisha umeme wake ndani ya jengo. Magari ya namna hiyo bado ni machache nchini, lakini yameanza kuonekana, na maneno juu yake yamekuwa mengi kuliko magari yenyewe. Wako wanaosema kwamba gari hilo litamaliza giza. Wako pia wanaosema kwamba wenye magari watauza umeme kwa REGIDESO na kutajirika wakiwa wamelala. Sisi hatukubaliani na hao wala hao. Rai yetu ni kwamba gari la umeme lina kazi kubwa katika kituo cha askari, ila kazi hiyo inaanzia ndani ya ukuta wa kituo na kuishia hapo hapo, na ina masharti ambayo asiyeyafuata ataua mtu.

Hebu tuanze na asili ya jambo lenyewe, maana lilizaliwa katika shida inayofanana na yetu. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya bahari vilipiga kaskazini-mashariki ya Japani. Katika majuma yaliyofuata ilionekana kwamba umeme ulirudi katika sehemu nyingi mapema kuliko petroli. Viwanda vya Nissan na Mitsubishi viliazima magari yao ya umeme kwa maofisa wa huko, nayo yakabeba waganga na mahitaji wakati magari ya kawaida yamesimama yakingoja mafuta. Lakini palikuwa na kichekesho kichungu: gari lenye betri iliyojaa lilisimama mlangoni pa nyumba yenye giza, na hapakuwa na njia ya kuutoa umeme ule ndani ya gari na kuuingiza nyumbani.

Mwaka uliofuata njia ilipatikana. Mitsubishi walitoa kisanduku kidogo cha kutoa wati 1,500. Nissan nao, pamoja na kampuni ya Nichicon, walitoa mtambo unaotoa kilowati 6 kutoka katika gari la Nissan Leaf, nguvu ya kutosha kuendesha nyumba nzima. Mwezi Septemba 2019, kimbunga kilipolikumba jimbo la Chiba karibu na Tokyo na kuziacha nyumba zaidi ya 900,000 bila umeme, magari ya namna hiyo yalipelekwa huko yakawa visima vya kuchotea umeme katika majumba ya jumuiya. Basi hii si ndoto ya maabara. Ni kazi iliyokwisha kufanywa, katika dhiki, na watu wa kawaida.

Inafanyikaje? Betri kubwa ya gari huweka umeme wa mkondo mmoja, kama ule wa betri ya tochi, isipokuwa kwamba nguvu yake hufika volti mia tatu na hamsini au zaidi. Taa na jokofu vya kituo vinahitaji umeme wa mkondo geu wa volti 230. Kifaa kinachougeuza umeme wa kwanza kuwa wa pili huitwa inveta. Katika magari mengi mapya, hasa ya Kichina na ya Kikorea, inveta imo ndani ya gari lenyewe: unachomeka plagi maalumu kwenye tundu la kuchajia, na upande wa pili unapata soketi ya kawaida yenye nguvu ya yapata kilowati tatu. Katika magari ya Nissan Leaf yaliyotumika Japani, ambayo ndugu zetu wa Kenya wameyaagiza kwa miaka kadhaa, gari lenyewe halina inveta ya kazi hiyo. Lina tundu la aina ya CHAdeMO linalokubali umeme kuingia na kutoka, lakini ni lazima ununue sanduku la nje la kuugeuza.

Hapo pana mtego wa kwanza, nao ni rahisi kuuona kwa anayeangalia. Umeme wa nyumba za Japani ni wa volti 100, si 230 kama wetu. Sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, likiletwa hapa pamoja na gari la usukani wa kulia, litawasha taa zetu kwa unyonge au lisiziwashe kabisa, na mota ya jokofu itanguruma bila kuzunguka hadi iungue. Kabla ya kununua, soma kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye sanduku. Kama hakikuandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50, liache hapo dukani.

Sasa tuchukue kituo kimoja cha mfano huko Muyinga, tukipigie hesabu, kwa maana katika jambo hili hesabu ndiyo amri. Kituo kina taa kumi na mbili za wati 10, jumla wati 120. Redio ya mawasiliano hula kidogo ikisikiliza na nyingi ikisema. Tuipe wati 30 kwa wastani. Kompyuta mbili za mkononi ni wati 100. Simu na tochi zinazochajiwa ni wati 50. Jokofu dogo la dawa, ambalo huwaka na kuzima, tulipe wastani wa wati 60. Jumla ni wati 360.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hukosea. Gari linalotoa umeme halilali. Kompyuta zake, pampu yake ya kupoozea na inveta yenyewe huendelea kula, hata kama kituo kimewasha taa moja tu. Ulaji huo hutofautiana kati ya gari na gari, lakini mtu mwangalifu atauhesabu kuwa wati mia mbili na zaidi. Sisi tumeongeza 240, ili tupate wati 600 kamili. Kwa hiyo kila saa ya giza huchota kilowati-saa 0.6 katika betri. Giza la saa tano, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, litachota kilowati-saa 3. Usiku mzima wa saa kumi na mbili utachota 7.2.

Tufanye gari lenyewe ni Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, iliyokwisha kutumika miaka kadhaa na kubakiwa na sehemu nane katika kumi za uwezo wake. Hiyo ni kilowati-saa 32. Ukilinganisha na kilowati-saa 7.2 za usiku mmoja utadhani tuna utajiri. Lakini hatujaulizwa bado swali ambalo sajini mmoja alituuliza tulipokuwa tukizungumza habari hii: "Afande, gari likitoa umeme usiku kucha, asubuhi tutaenda Gitega kwa miguu?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake linabadili hesabu yote. Kutoka Muyinga hadi Gitega ni mwendo wa karibu kilomita mia moja, na kati yake ni milima na mabonde. Kwa barabara ya namna hiyo gari hilo litakula yapata kilowati-saa 18. Ni kweli kwamba likishuka mlima hurudisha sehemu ya umeme betrini, lakini halirudishi wote lililoula wakati wa kupanda. Juu ya 18 hizo tuweke akiba ya 4, kwa ajili ya matope, kwa ajili ya kuzunguka njia iliyofungwa, na kwa ajili ya mgonjwa atakayepakiwa ghafla. Jumla ni 22. Ukitoa 22 katika 32 zinabaki 10. Hizo 10 ndizo mali ya kituo. Zilizobaki ni mali ya safari, wala hazikopeshwi.

Kilowati-saa 10 kwa mzigo wetu wa wati 600 ni zaidi ya saa kumi na sita. Usiku mmoja umetosheka bila tone la mazutu, na asubuhi gari linafika Gitega. Lakini usiku wa pili, kama umeme haukurudi mchana na gari halikuchajiwa, hapatakuwa na kitu cha kutoa isipokuwa tule akiba ya safari. Hii ndiyo maana ya kichwa cha makala yetu. Gari la umeme ni mtungi. Mtungi hutunza maji yaliyotekwa kwingine, hauyazai. Anayeuita chemchemi atakutwa na kiu siku ya pili.

Na mtungi huu hujazwa polepole. Katika soketi ya kawaida ya ukutani gari huingiza yapata kilowati-saa mbili kwa saa, na kwa hiyo kuzirudisha kilowati-saa 10 zilizotumika kunahitaji saa tano za umeme ulio imara. Kituo kinachongoja betri iishe ndipo kichaji kitashindwa, kwa sababu umeme hautakisubiri. Desturi inayofaa ni kuchomeka gari kila linaporudi, umeme ukiwapo, hata kwa saa moja. Haba na haba hujaza kibaba. Penye paa zuri, paneli za jua zaweza kufanya kazi hiyo mchana. Na hapo ndipo mtungi unapopata chemchemi yake wenyewe.

Tusisahau pia kupima mtungi wenyewe. Betri ya Leaf ya namna hiyo haina mfumo wa kuipoza, nayo huchakaa zaidi katika joto. Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna safu ya vijistari kumi na viwili inayoonyesha uzima wa betri, si chaji iliyomo. Vikibaki vinane, jua kwamba yapata theluthi moja ya uwezo imekwisha, hata kama muuzaji amelisugua gari likang'aa. Gari kuukuu la betri ya kilowati-saa 24, lililobakiwa na 14 hivi, halifiki Gitega kutoka Muyinga kwa njia yoyote. Hata hivyo tusilitupe. Likisimamishwa kituoni kama betri ya kudumu linaweza kushika taa na redio usiku mmoja na nusu. Kosa ni kulipa gari moja kazi mbili wakati linaweza moja tu.

Kuna pia vitu ambavyo havifai kuchomekwa. Pasi, birika na jiko la umeme, kila kimoja hula kilowati moja hadi mbili, na viwili kwa pamoja vitazidi kile gari linachoweza kutoa. Pampu ya maji ni hila zaidi. Pampu iliyoandikwa wati 1,500 huvuta mara kadhaa ya hizo katika nukta ya kwanza ya kuanza kuzunguka. Gari halitaungua, litajizima tu, na pamoja nalo redio itanyamaza na taa za lango zitazimika. Ukiona gari linakata umeme kila mara jokofu au pampu inapoamka, usilaumu betri. Laumu mzigo wa kuanzia, na uuondoe.

Hayo yote ni makosa ya hasara. Sasa tunafika kwenye kosa la mauti, na tunamwomba kila askari asome sehemu hii kwa utulivu.

Umeme ukikatika, mtu mwenye haraka hutengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja huchomeka kwenye gari au jenereta, upande wa pili kwenye soketi yoyote ya ukuta, na nyumba nzima huwaka. Anajiona fundi. Hajui kwamba umeme ule haukuishia kwenye taa zake. Umepita kwenye mita, umetoka nje, umepanda nguzo, na umeifikia transfoma ya mtaa. Transfoma ile kwa kawaida hupokea maelfu ya volti kutoka njia kuu na kuyashusha hadi volti za nyumbani. Ikilishwa kinyumenyume hufanya kinyume chake: huzichukua volti 230 za gari na kuzipandisha kuwa maelfu. Huko juu ya nguzo yuko fundi wa REGIDESO, ambaye ameambiwa kwamba njia imezimwa.

Mtu atasema: gari dogo haliwezi kuubeba mtaa mzima; litazidiwa na kujizima kabla halijamdhuru mtu. Mara nyingi ni kweli, na ukweli huo ndio unaowafanya watu wajiamini. Lakini fikirini jinsi njia inavyokatika. Mti umeanguka, waya umekatika karibu na kituo, na kipande kilichobaki kimeungwa na kituo peke yake, bila nyumba nyingine. Hapo hakuna mzigo wa kulizidi gari. Kipande kile cha waya kitakaa na umeme usiku kucha, na hicho ndicho hasa kipande ambacho fundi amekuja kukishika. Hata kama hakuna fundi, umeme wa mtandao ukirudi ghafla utakutana na umeme wa gari uso kwa uso, bila kulingana nao, na inveta itaungua papo hapo.

Dawa yake ni kifaa cha zamani ambacho vituo vyenye jenereta vinakijua: swichi ya kugeuzia. Ina mahali patatu: mtandao, katikati pasipo kitu, na gari. Umbo lake haliruhusu mtandao na gari kuungana hata kwa nukta moja, kwa sababu ni chuma kile kile kinachotoka upande huu kwenda upande ule. Swichi iliyo nzuri hukata nyaya zote mbili, waya wa moto na wa nyutro. Fundi ataithibitisha hivi: umeme wa mtandao ukiwa umekatika, swichi ikiwa upande wa gari na taa za kituo zikiwaka, atapima kwa mita yake nyaya zinazotoka nje kuelekea nguzo. Pasionekane kitu. Kama mita ikionyesha volti yoyote ya maana, kazi haijakamilika, na gari lichomolewe mpaka irekebishwe.

Jambo la pili la usalama halionekani kwa macho, na hata mafundi wengine hulipitia juu juu. Katika vituo vyenye nyaya nzuri kuna kifaa kinachokata umeme mara tu unapopita katika mwili wa mtu kuelekea ardhini. Kifaa hicho hufanya kazi kwa sababu nyutro ya mtandao imeungwa na ardhi mahali fulani. Soketi ya gari mara nyingi haikuungwa na ardhi hivyo, maana gari limekaa juu ya matairi ya mpira. Basi yawezekana kifaa kipo, kinang'aa, na hakilindi mtu kama tunavyodhani. Ubaya wake ni kwamba ukibonyeza kile kitufe chake cha majaribio kitakata vizuri kabisa, kwa sababu kitufe hicho hujaribu mashine ya ndani tu, bila kutumia ardhi. Kwa hiyo kitufe peke yake si ushahidi. Fundi lazima asome kitabu cha gari, ajue kama nyutro yake inaruhusiwa kuungwa na ardhi upande wa pili wa swichi, kisha apime. Kazi hii si ya dereva, wala si ya afisa mwenye haraka.

Sasa tugeukie wale wanaotaka kuuza umeme wa magari kwa mtandao wa taifa. Hapa majeshi yana mfano wao. Mwezi Novemba 2014 jeshi la anga la Marekani lilizindua katika kambi yake ya Los Angeles, jimboni Kalifornia, kundi la magari 42 ya umeme, mengi yao yakiwa na uwezo wa kurudisha umeme. Magari yalipokuwa yameegeshwa, yaliupa mtandao umeme au kuupokea kwa vipindi vya nukta chache, kwa amri ya wasimamizi wa umeme wa jimbo, ili kuuweka mtandao sawa, na kambi ilipwe kwa kazi hiyo. Majaribio hayo yalikwisha mwaka 2017. Taabu kubwa ilikuwa kuvifanya vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane: gari, chaja na kompyuta za kambi. Wakati huo huo gharama za vifaa na za kuingia katika soko la umeme zilikuwa nzito kulingana na mapato.

Hayo yalitokea penye mtandao imara na soko linalolipa kwa kila nukta. Sisi tutazame hali yetu. Kituo cha jua cha Mubuga karibu na Gitega, kilichozinduliwa mwaka 2021, kina uwezo wa megawati 7.5. Ili magari ya kilowati 6 yatoe kiasi hicho, yangehitajika magari 1,250 yaliyoegeshwa na kujazwa kwa wakati mmoja. Maporomoko ya Rusumo, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, yana megawati 80. Magari machache ya vituo vyetu mbele ya mitambo hiyo ni tone katika ziwa Tanganyika.

Na kuna sababu iliyo kubwa kuliko idadi. Gari linalolisha mtandao limetengenezwa ili lizime mara mtandao unapozima. Hilo si kosa. Ni kinga ya yule fundi aliye juu ya nguzo. Maana yake ni kwamba gari lililofungwa kwa ajili ya kuuza umeme tu, bila swichi ya kulitenga na mtandao, litatuacha gizani katika saa ile ile tunayolihitaji. Tatizo letu la Muyinga na Gitega ni giza la kukatika, wala si ziada ya umeme inayotafuta mnunuzi. Siku magari yatakapokuwa mamia, na mita za kuhesabu kwenda na kurudi zitakapowekwa, na bei ikajulikana, itakuwa busara kuyajaza mchana kwa jua la Mubuga na kuyaomba yarudishe kidogo jioni watu wote wanapowasha taa. Siku hiyo tutaijadili itakapofika.

Kwa sasa twapendekeza jambo dogo lakini timamu. Kituo kitakachopewa gari la umeme kipewe siku hiyo hiyo swichi ya kugeuzia iliyofungwa na kupimwa na fundi, na waya wa plagi dume pande mbili upigwe marufuku vituoni kama inavyopigwa marufuku risasi kubaki katika chemba ya bunduki iliyorudishwa ghalani. Ukutani kando ya redio pabandikwe kiwango cha chaji ambacho gari haliruhusiwi kushuka chini yake. Kwa gari la mfano wetu, lenye 32 zilizojaa na 22 za safari, ni asilimia 70 hivi. Uwezo wa kuamuru kiwango hicho kivukwe awe nao mkuu wa zamu peke yake, naye aandike sababu katika daftari. Maana dereva atalinda safari yake, na mganga atalinda jokofu lake, na wote wawili watakuwa na haki. Ni mmoja tu anayeona kituo kizima.

Wahenga walisema akiba haiozi. Betri ya gari huchakaa, lakini kilowati-saa 22 zilizohifadhiwa usiku zitamkuta majeruhi wa alfajiri zikiwa bado zipo, na gari litawaka, litashika njia ya Gitega, huku nyuma yake kituo kikirudi kungoja umeme wa REGIDESO au jua lichomoze.